Ufupisho wa habari

Ufupisho wa habari (huitwa pia muhtasari, na katika shule za zamani presi) ni zoezi la kuandika upya habari ndefu kwa maneno machache, kwa kawaida theluthi moja ya urefu wake, bila kupotosha maana na kwa kutumia lugha ya mwandishi wa ufupisho mwenyewe. Ufupisho hujitegemea: mtu ambaye hajaiona habari ya asili anapaswa kuuelewa, na akiutegemea atende kama angetenda baada ya kuisoma habari yote.

Makala hii inaeleza jinsi ufupisho unavyoandikwa hatua kwa hatua, kwa kutumia habari moja ya mfano yenye maneno 180 inayopunguzwa hadi maneno 60.

## Asili yake

Ufupisho ulianza kama kazi ya ofisini kabla ya kuwa zoezi la darasani. Karani aliletewa jalada la barua nyingi, naye alitakiwa kumwandikia mkubwa wake ukurasa mmoja utakaomwezesha kutoa uamuzi bila kufungua jalada lenyewe. Kwa sababu hiyo kazi hii iliingizwa katika mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali ya Uingereza katika karne ya 19, na kutoka huko ikaenea katika shule za makoloni, zikiwemo za Afrika Mashariki. Hadi leo mitihani ya utumishi wa umma ya Uhindi na Pakistani ina swali la kufupisha habari hadi theluthi moja.

Asili hiyo inaeleza kwa nini kanuni za ufupisho ni kali. Mkubwa wa karani hakutaka maoni ya karani, wala hakutaka madoido. Alitaka kujua jambo lenyewe, sababu zake na masharti yake. Karani aliyeacha neno "isipokuwa" aliweza kumfanya mkubwa wake atoe amri mbaya.

## Habari ya mfano

Habari ifuatayo ina sentensi kumi. Zimetiwa namba ili zirejelewe kwa urahisi hapo chini. Namba hizo za sentensi hazihesabiwi kama maneno.

> (1) Wakulima wengi huamini kwamba mahindi yakishakauka shambani hayahitaji uangalizi, na kwamba kazi iliyobaki ni kuyavuna na kuyatia ghalani. (2) Imani hiyo si sahihi. (3) Mahindi yanayoonekana makavu kwa nje huweza kuwa na unyevu mwingi ndani ya punje, na unyevu huo ndio unaozipa kuvu nafasi ya kuota. (4) Baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. (5) Sumu hiyo hudhuru ini, na mtu akiila kwa wingi huweza kufa. (6) Mwaka 2004, kwa mfano, watu zaidi ya mia moja walifariki katika wilaya za mashariki mwa Kenya, kama vile Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. (7) Kinga yake ni kuyakausha mahindi upesi baada ya kuvuna, juu ya turubai au kichanja na si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ufike asilimia 13 au chini yake. (8) Lakini ni lazima ieleweke kwamba kukausha huzuia kuvu zisiendelee kukua tu; hakuiondoi sumu ambayo imekwisha kuingia katika punje. (9) Hata kuyapika mahindi hayo kwa muda mrefu, kama yapikwavyo makande, hakuimalizi. (10) Kwa hiyo punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zichambuliwe na kutupwa, wala mifugo isipewe, kwa kuwa sumu huweza kupita katika maziwa na kumrudia mwanadamu.

## Kuhesabu maneno

Kila neno linalotengwa na nafasi huhesabiwa moja, hata liwe fupi kama "ya", "na" au "ni". Tarakimu nazo huhesabiwa hivyo: "13" ni neno moja, lakini "kumi na tatu" ni maneno matatu. Habari ya mfano ina maneno 180, kwa hiyo theluthi yake ni 60. Mtahini akitaja idadi yake mwenyewe, idadi hiyo ndiyo inayofuatwa.

Kiswahili kina tabia inayomsaidia mfupishaji. Neno moja la kitenzi huweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi kwa pamoja. "Hakuiondoi" ni neno moja tu, ingawa limetaja kitendo, kukanusha na kitu kinachotendwa. Kwa hiyo mtu anayefupisha kwa Kiswahili hupata nafasi kubwa zaidi kwa kubadili umbo la vitenzi kuliko kwa kufuta maneno madogomadogo.

## Hatua ya kwanza: kujua kazi ya kila sentensi

Habari husomwa mara ya kwanza bila kalamu, ili kujua inahusu nini. Katika kusoma mara ya pili mwandishi hujiuliza swali moja kwa kila sentensi: sentensi hii inafanya kazi gani hapa? Swali la "sentensi hii inasema nini" halitoshi, maana kila sentensi inasema kitu, na mwanafunzi anayeuliza hivyo hujikuta anataka kubaki na zote.

Katika habari ya mfano, sentensi ya 1 inataja imani ya watu ili ipingwe, na sentensi ya 2 inaipinga. Zote mbili ni mlango wa kuingilia. Hoja yenyewe iko katika sentensi ya 3. Sentensi ya 4 na ya 5 zinaeleza hatari. Sentensi ya 6 ni mfano wa hatari hiyo. Sentensi ya 7 inatoa kinga. Sentensi ya 8 inaiwekea kinga hiyo mpaka, na ya 9 inauongezea mpaka huo nguvu. Sentensi ya 10 inatoa hitimisho pamoja na sababu yake.

Baada ya hapo uamuzi wa nini kiachwe huwa rahisi. Mlango wa kuingilia huachwa, kwa sababu hoja ikisemwa vizuri hauhitajiki. Mfano nao huachwa, hata uwe wa kusikitisha kiasi gani, kwa kuwa kazi yake ni kuthibitisha jambo ambalo limekwisha kusemwa. Sentensi ya 6 peke yake ina maneno 27. Ikibaki itakula karibu nusu ya nafasi yote iliyopo.

Hoja, sababu, kinga, mpaka na hitimisho hubaki. Hapa ndipo wengi hukosea. Sentensi ya 8 huanza kwa "lakini", nayo kwa msomaji wa haraka huonekana kama nyongeza. Kwa kweli ndiyo sentensi inayobadili maana ya ile iliyotangulia. Bila hiyo, msomaji ataelewa kwamba mahindi yaliyokwisha kuharibika yakianikwa juani huwa salama.

## Hatua ya pili: matayarisho

Mwandishi huandika vidokezo vifupi, si sentensi kamili, kisha huifunika habari ya asili. Vidokezo vya habari hii huweza kuwa hivi:

- makavu nje, unyevu ndani, kuvu
- kuvu fulani, sumu isiyojulikana kwa hisi, ini, ikizidi, kifo
- kinga: kuanika mapema, mbali na ardhi, asilimia 13
- MPAKA: huzuia kuvu tu, haitoi sumu, kupika pia hakusaidii
- mbovu zitupwe, hata mifugo isile. Sababu ni maziwa

Kuifunika habari ni hatua yenye faida kubwa, ingawa wanafunzi wengi huiruka kwa kuogopa kusahau. Mtu anayeandika huku habari iko mbele yake hunakili sentensi zake bila kutaka, kwa sababu jicho hulipata neno kabla akili haijalitafuta. Akiandika kutokana na vidokezo hulazimika kuunda sentensi yake. Akikwama katika kidokezo fulani, hiyo ni dalili kwamba hakukielewa, na hapo ndipo anapopaswa kuifunua habari na kusoma tena sehemu hiyo.

## Hatua ya tatu: nakala chafu

Kutokana na vidokezo hivyo, nakala chafu huweza kuwa hivi:

> Mahindi yaliyokauka kwa nje huenda yakawa bado na unyevu ndani, na unyevu huo huotesha kuvu. Kuvu fulani huzalisha sumukuvu, ambayo haitambuliki kwa kuonja, kunusa wala kutazama. Sumukuvu huharibu ini, na ikizidi huweza kuua. Ili kujikinga na hatari hiyo, mavuno yaanikwe mapema mahali ambapo hayagusi ardhi, hadi unyevu usizidi asilimia 13. Hata hivyo, kuanika huzuia kuvu tu. Sumu ambayo imekwisha kuingia haiondoki, hata kwa kupikwa. Nafaka mbovu itupwe, mifugo isilishwe, kwa sababu sumu humrudia mtu kupitia maziwa.

Nakala hii ina maneno 76. Mambo yote ya lazima yamo na hakuna la ziada, lakini imezidi kwa maneno 16. Hali hii ni ya kawaida. Kuacha sentensi ya 1, ya 2 na ya 6 kuliondoa maneno 49 tu, na maneno 131 yaliyobaki katika habari ya asili bado yalikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachotakiwa. Theluthi haifikiwi kwa kuacha sentensi peke yake. Lazima sentensi zinazobaki zibanwe.

## Hatua ya nne: kubana

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuchukua wazo moja zima na kulitupa ili idadi itimie. Wazo linalotupwa mara nyingi ni lile la mwisho, au lile gumu. Njia sahihi ni kutafuta maneno yasiyofanya kazi.

Njia ya kwanza ni kugeuza "amba-" kuwa urejeshi ulio ndani ya kitenzi. "Sumu ambayo imekwisha kuingia" ina maneno manne. "Sumu iliyokwisha kuingia" ina matatu. Vivyo hivyo "sumukuvu, ambayo haitambuliki" huwa "sumukuvu isiyotambulika". Njia hii huokoa neno moja tu kila mara, lakini haipotezi maana yoyote.

Njia ya pili ni kuunganisha sentensi mbili ambazo ya pili hurudia neno la ya kwanza. "Huenda yakawa bado na unyevu ndani, na unyevu huo huotesha kuvu" huwa "huenda yakawa na unyevu unaootesha kuvu". Neno "ndani" limeondoka kwa sababu "yaliyokauka kwa nje" limekwisha kulidokeza. Sentensi nzima imeshuka kutoka maneno 15 hadi 10.

Njia ya tatu ni kufuta maneno yanayotangaza tu kwamba jambo linakuja. "Ili kujikinga na hatari hiyo" ni maneno matano yasiyo na habari mpya, kwa kuwa amri "yaanikwe" inatosha kuonyesha kwamba hii ni kinga. Maneno ya aina hii katika habari za Kiswahili ni mengi: "ni lazima ieleweke kwamba", "ikumbukwe kuwa", "jambo la muhimu hapa ni". Karibu yote hufutika.

Njia ya nne ni kutumia jina moja la jumla badala ya orodha. Habari ya asili ilisema "punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika", maneno saba. Nakala chafu imesema "nafaka mbovu", maneno mawili. Ilisema pia "juu ya turubai au kichanja na si juu ya udongo mtupu", maneno kumi na moja, ambayo sasa yanaweza kuwa "yasiguse ardhi". Njia hii ndiyo inayookoa maneno mengi kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Jina la jumla lazima livijumuishe vitu vyote vya orodha na lisiongeze kingine.

Baada ya kubana, nakala safi huwa hivi:

> Mahindi yaliyokauka kwa nje huenda yakawa na unyevu unaootesha kuvu. Kuvu fulani huzalisha sumukuvu isiyotambulika kwa kuonja, kunusa wala kutazama. Huharibu ini, na ikizidi huweza kuua. Mavuno yaanikwe mapema, yasiguse ardhi, hadi unyevu usizidi asilimia 13. Hata hivyo, kuanika huzuia kuvu tu. Sumu iliyokwisha kuingia haiondoki, hata kwa kupikwa. Nafaka mbovu itupwe, mifugo isilishwe, maana sumu humrudia mtu kupitia maziwa.

Maneno ni 60 kamili, na mawazo ni yale yale yaliyokuwa katika nakala chafu.

## Maana ya "maneno yako mwenyewe"

Maagizo ya mtihani husema ufupisho uandikwe kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Wengine huelewa kwamba kila neno la habari lazima libadilishwe. Sivyo. Majina ya vitu na istilahi hubaki kama yalivyo: unyevu, kuvu, sumukuvu, ini, maziwa na asilimia hayana badala yake. Mwanafunzi anayeandika "vijidudu" mahali pa "kuvu", au "ugonjwa" mahali pa "sumu", hajatumia maneno yake. Amebadili jambo lenyewe. Kuvu si wadudu, na sumu haiambukizi.

Kinachobadilika ni vitenzi, viunganishi na muundo wa sentensi. Katika mfano wetu "hutoa" imekuwa "huzalisha", "hudhuru" imekuwa "huharibu", na "kwa kuwa" imekuwa "maana". "Kukausha" imekuwa "kuanika". Badiliko hili la mwisho linafaa hapa kwa sababu habari inazungumzia turubai na kichanja. Kama ingezungumzia mashine ya kukaushia nafaka, "kuanika" lingekuwa kosa, kwani kuanika ni kukausha juani au hewani tu. Kila kisawe hupimwa namna hiyo, kwa kutazama habari yenyewe na si kamusi peke yake.

Ikiwa habari ina mazungumzo, usemi halisi hugeuzwa kuwa usemi wa taarifa. Ikiwa mwandishi wa asili anasema "mimi" au "sisi", ufupisho humtaja kwa nafsi ya tatu. Mwandishi wa ufupisho mwenyewe hatokezi popote.

## Ufupisho uliokosewa

Maandishi yafuatayo pia yana maneno 60, na kwa kuyatazama haraka yanaweza kuonekana yanafaa:

> Wakulima wengi huamini kwamba mahindi yakishakauka shambani hayahitaji uangalizi. Imani hiyo si sahihi. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho. Mwaka 2004 watu zaidi ya mia moja walifariki mashariki mwa Kenya. Kinga yake ni kuyakausha mahindi upesi baada ya kuvuna juu ya turubai. Serikali iwasaidie wakulima kupata maturubai yaliyo bora. Punje zilizoota kuvu zichambuliwe na kutupwa.

Makosa yake yanatoka mahali pamoja. Mwandishi alianza mwanzo wa habari akawa anaokota vipande vya sentensi alivyoviona vizuri mpaka idadi ilipotimia. Kwa kuwa alianzia mlangoni, maneno 13 yaliisha kabla hajafika kwenye hoja. Mfano wa mwaka 2004 ukachukua mengine 11, tena bila kusema watu hao walikufa kwa sababu gani. Sentensi kuhusu serikali ni maoni yake mwenyewe. Inaweza kuwa ya kweli, lakini haimo katika habari. Karibu kila kipande kingine kimenakiliwa.

Kosa kubwa zaidi halionekani, kwa sababu ni jambo lisilokuwepo. Hakuna popote panaposemwa kwamba kukausha na kupika hakuondoi sumu. Mtu akiyasoma maandishi haya peke yake, akakuta gunia lake limeota kuvu, atachambua punje zilizobadilika, zilizobaki ataanika juu ya turubai, na mbovu atawatupia kuku au atampa ng'ombe wake wa maziwa. Angedhani amefuata maagizo yote. Hakuna neno moja katika maagizo ya kilimo hapo juu lililo la uongo, na hata hivyo ufupisho mzima unapotosha.

## Kuuhakiki ufupisho

Ufupisho uliokamilika hukaguliwa kwa kurudi kwenye habari ya asili na kutafuta aina mbili za maneno madogo.

Aina ya kwanza ni maneno ya mpaka: lakini, isipokuwa, ikiwa, mpaka, tu, hata, wala. Kila moja likionekana katika habari, mwandishi hujiuliza kama kazi yake imefanywa na neno fulani katika ufupisho. Katika nakala safi, "lakini" limewakilishwa na "hata hivyo", "mpaka" na "hadi", na "tu" limebaki lilivyo. Wazo la "kwa wingi" limebebwa na neno moja, "ikizidi".

Aina ya pili ni maneno ya kadiri ya uhakika: huweza, huenda, baadhi, wengi, mara nyingi. Haya ni mepesi kupotea wakati wa kubana, kwa sababu sentensi husimama bila hayo. Ukiandika "kuvu huzalisha sumukuvu" umeokoa neno, lakini umesema kuvu zote zina sumu hiyo, jambo ambalo habari haikusema na ambalo si kweli. Ukiandika "huua" mahali pa "huweza kuua" umegeuza uwezekano kuwa hakika. Maneno haya yanastahili nafasi yake, na ikibidi neno jingine liondoke.

Ukaguzi wa mwisho ni kumpa mtu mwingine ufupisho peke yake na kumuuliza afanye nini. Hapa swali lingekuwa: una gunia la mahindi yenye kuvu, utafanyaje? Jibu lake likitofautiana na lile ambalo habari ya asili ingempa, kuna kitu kilichoachwa.

## Habari zisizofaa kupunguzwa hadi theluthi

Theluthi ni kipimo kinachofaa habari za maelezo na za hoja, ambazo kwa kawaida huwa na mifano, marudio na maneno ya kuunganishia. Si kila maandishi yana ulegevu huo. Kifungu cha sheria, mkataba au maagizo ya kutumia dawa mara nyingi yamekwisha kubanwa na aliyeyaandika, na kila neno lina kazi. Mtu akiyapunguza hadi theluthi hana budi kuacha sharti fulani. Shairi nalo halifupishwi kwa maana hii. Linaweza kuelezwa kwa lugha ya nathari, lakini hilo ni zoezi jingine, na matokeo yake huenda yakawa marefu kuliko shairi lenyewe.

## Katika mitihani ya Kiswahili

Nchini Kenya ufupisho ni sehemu ya karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne wa KCSE, nao hupewa alama 15. Mtahiniwa huachiwa nafasi ya matayarisho na nafasi ya jibu. Mara nyingi swali haliombi habari yote: huomba jambo moja, kwa mfano sababu zilizotajwa katika aya mbili za kwanza, na kuweka kikomo cha maneno. Katika swali la namna hiyo kanuni ya theluthi haitumiki, lakini hatua ni zile zile, na swali lenyewe ndilo linaloamua kazi ya kila sentensi. Kama habari ya mfano hapo juu ingeambatana na swali "Eleza njia za kujikinga na sumukuvu", sentensi ya 3, ya 4 na ya 5 zingeachwa pamoja na mfano wa mwaka 2004, na sentensi ya 7 hadi ya 10 ndizo zingefupishwa. Sentensi ya 8 ingebaki hata hapo, kwa sababu kinga isiyotajwa mpaka wake haijaelezwa.